Vipimo saba vya maji kujaa, parabola moja, majibu mawili: nani yuko sahihi?

#1 Mwana_wa_Sahare

Wakuu, salaam. Tuna mashua ya kushua hapa Sahare, imemaliza matengenezo na ni nzito. Tunataka kujua dakika maji yanapofika juu kabisa, maana yakishaanza kurudi hatuisogezi tena mpaka bamvua ijayo.

Siku ya bamvua tulichimbia mti wenye alama za sentimita ukingoni, tukasoma kila nusu saa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Saa nimeziandika za simu:

```
14:00   284
14:30   312
15:00   334
15:30   340
16:00   341
16:30   327
17:00   309
```

Mimi nikaita saa t, nikatengeneza matriksi yenye safuwima tatu: ya kwanza moja tupu, ya pili t, ya tatu t². Nikatumia njia ya miraba midogo kabisa, nikapata

y = -4588 + 628t - 20t²

Binamu yangu, kwa vipimo hivihivi, kapata

y = 341 + 4u - 5u²

Ananiambia -4588 ni kichekesho, bahari ya Tanga haiwezi kuwa mita 45 chini ya sifuri ya mti. Mimi nimerudia hesabu na kila mara inatoka vilevile. Nani yuko sahihi? Halafu kuna jambo la pili: nikiweka kwenye kompyuta tarehe pamoja na saa, inaleta vitu visivyoeleweka kabisa.

#2 Kijana_wa_Chumbageni

Wote hamko sahihi mkuu. Miraba midogo ni hesabu ya mstari ulionyooka, tuliisoma hivyo chuoni, inaitwa ya mstari. Maji yanapanda na kushuka, yaani yanapinda. Ukilazimisha hesabu ya mstari kwenye kitu kilichopinda lazima upate mita 45 chini ya ardhi.

#3 Mzee_wa_Kigombe

Wanangu, bamvua maji hujaa saa kumi. Saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Babu zetu walishua majahazi bila matriksi. Mngeniuliza mimi mkapumzika.

#4 Mwana_wa_Sahare

Shikamoo mzee. Saa kumi tunaijua, ila ni saa kumi kamili, au kasoro? Hiyo mashua ina dakika chache tu za kuelea vizuri. Ndiyo maana tumepima.

#5 Bi_Takwimu

Naanza na #2, kwa sababu hilo likibaki mengine hayataeleweka. Neno "mstari" kwenye njia hii halihusu umbo la mchoro. Linahusu namba zinazotafutwa. Zinazotafutwa ni tatu, ziite a, b na c, na kila moja inazidishwa na safuwima yake kisha zinajumlishwa. Hakuna a iliyopigwa kipeo, hakuna b iliyozidishwa na c. Safuwima yenyewe inaweza kuwa t², au hata kosaini ya t, kwa sababu hizo unazijua tayari kabla ya kuanza. Saa 14 kipeo cha pili ni 196, basi. Inaingia kwenye matriksi kama namba nyingine yoyote. Kwa hiyo Mwana_wa_Sahare hakulazimisha kitu.

Sasa swali la #1. Wote wawili mko sahihi, na mmechora mchoro uleule. Binamu yako kahamisha sifuri ya saa. Kaiweka katikati ya vipimo, saa 15:30, halafu kahesabu kwa nusu saa badala ya saa nzima. Yaani u = 2(t - 15.5), na u zake ni -3, -2, -1, 0, 1, 2, 3. Chukua mlinganyo wake, badilisha u kwa hiyo, fungua mabano:

341 + 8(t - 15.5) - 20(t - 15.5)²

Fungua tena na utafika -4588 + 628t - 20t², bila hata sentimita moja kupotea. Weka t = 16 kwenye wako: -4588 + 10048 - 5120 = 340. Weka u = 1 kwenye wake: 341 + 4 - 5 = 340.

Na wakati wa maji kufika juu ni uleule. Kwako ni 628 kugawanya kwa 40, yaani 15.7. Kwake ni 4 kugawanya kwa 10, yaani u = 0.4, na nusu saa mara 0.4 ni dakika 12 baada ya 15:30. Zote ni 15:42, saa tisa na dakika 42 alasiri. Kimo cha juu ni sentimita 341.8.

Hiyo -4588 inajibu swali ambalo hukuuliza: kama parabola hii ingeendelea kurudi nyuma hadi saa sita usiku, mti ungesoma ngapi? Hakuna aliyepima saa sita usiku, na parabola haina habari za huko. Namba ya binamu, 341, inajibu swali lenye maana: saa tisa na nusu maji yalikuwa wapi.

#6 Mpimaji_Pangani

Asante Bi_Takwimu. Nami nimejaribu kwa saa zetu wenyewe, saa 8, saa 8 na nusu, mpaka saa 11. Nimepata

y = -1540 + 388s - 20s²

388 kwa 40 ni 9.7, yaani saa tisa na dakika 42. Kwa hiyo sasa tuna "majibu matatu". Angalieni ile -20: kwenye saa za simu ni -20, kwenye saa za Kiswahili ni -20. Ya binamu ni -5 kwa sababu tu kipimo chake ni nusu saa, na nusu mara nusu ni robo. Mkunjo haujali sifuri ya saa iko wapi. Namba nyingine mbili zinajali sana.

#7 Mzee_wa_Kigombe

Kwa hiyo saa kumi kasoro dakika 18. Si ndiyo saa kumi niliyosema?

#8 Fundi_Boti_Raskazone

Mzee, kwa mashua nzito dakika 18 ni tofauti ya kuelea na kukaa kwenye matope 😀

#9 Kijana_wa_Chumbageni

Nimeelewa hoja ya #5, nakubali. Ila bado nasema -4588 inatokana na kompyuta kukosa usahihi. Namba zikiwa kubwa inakadiria. Hilo nalijua kwa hakika.

#10 Bi_Takwimu

Kwa hapa sivyo. -4588 ni kamili kabisa, unaweza kuipata kwa kalamu. Ila hoja yako ina mahali pake, na ndiyo jibu la swali la pili la #1, kwa hiyo nilieleze kwa kirefu.

Tukipanga hesabu ya binamu kwa mkono, tunazidisha matriksi kwa yenyewe iliyogeuzwa, safuwima na safuwima. Inatoka hivi, upande wa kulia zikiwa jumla za y, uy na u²y:

```
 7    0    28  |  2247
 0   28     0  |   112
28    0   196  |  8568
```

Hizo sifuri zimetokana na kuweka katikati: kila u ya kushoto ina pacha wake wa kulia. Mstari wa pili umesimama peke yake, b ni 112 kwa 28, yaani 4. Inabaki milinganyo miwili ya a na c. Zidisha wa kwanza kwa 4, toa kwenye wa tatu, unapata 84c = -420, c ni -5. Rudisha kwenye wa kwanza, a ni 341. Hesabu ya dakika tano kwenye karatasi.

Fanya hivyohivyo kwa saa 14 hadi 17. Hakuna sifuri hata moja, na kona ya chini kulia unakuta jumla ya t⁴, inayozidi 414,000. Ubaya zaidi, ndani ya saa hizo tatu safuwima ya t na ya t² zinakwenda pamoja karibu kabisa. Uhusiano wao ni 0.9996. Matriksi inaona safuwima mbili zinazosema karibu neno moja, na inabidi iamue kila moja ichangie kiasi gani. Kompyuta bado inaweza, kwa sababu inabeba tarakimu 15 au 16. Lakini mtu akikata tarakimu anaumia. Hebu andika 630 badala ya 628, kama grafu nyingi zinavyofupisha. Saa 15.7 mlinganyo wako utapanda kwa sentimita 31. Kwa binamu, kukosea kiwango hichohicho kwa uwiano, 4 ikawa 4.013, huoni chochote.

Sasa tarehe. Kwenye Excel siku ni namba, na siku za miaka hii zimepita 45,000; saa ni sehemu ndogo ya siku moja. Vipimo vyako vyote saba viko ndani ya moja ya nane ya siku. Habari zote za mkunjo, ukizitoa katikati, ni jumla ndogo ya karibu 0.000016. Lakini umeificha ndani ya jumla ya x⁴, ambayo ni 29 ikifuatiwa na sifuri 18. Ili kuiona ungehitaji tarakimu kama 25. Kompyuta ina 16. Mkunjo umeshafutika kabla hesabu haijaanza.

#11 Mwana_wa_Sahare

Ndiyo maana parabola iliniangalia juu kama bakuli! Nikibadilisha kisanduku kimoja inageuka upande mwingine.

#12 Mpimaji_Pangani

Hiyo ndiyo dalili yake: gusa kipimo kimoja kidogo, namba zote zinaruka. Dalili nyingine ni programu kukataa safuwima. LINEST ya Excel, ikiona safuwima moja inaweza kupatikana kutokana na nyingine, inaitoa na kuiandikia 0. Watu huona hiyo 0 wakadhani hakuna mkunjo.

Kwa wanaotumia Python, jaribuni hii:

```
import numpy as np
u = np.arange(-3, 4)
y = np.array([284, 312, 334, 340, 341, 327, 309])
X = np.column_stack([np.ones(7), u, u**2])
k, baki, r, sv = np.linalg.lstsq(X, y, rcond=None)
print(k, baki, r)
```

Inatoa 341, 4, -5, kisha 12, kisha 3. Hiyo 3 ya mwisho ndiyo ya kuangalia: imeona safuwima tatu za kweli. Ukiweka tarehe za Excel mahali pa u, itakuandikia 2, yaani mbili tu ndizo inazoziona, na haitapiga kelele. Itakupa namba tatu kama kawaida.

Pia tazama `np.linalg.cond(X)`, namba inayoonyesha hesabu inaweza kuyumba kiasi gani. Kwa u ni kama 8. Kwa saa 14 hadi 17 inazidi 60,000. Na ukienda kwa njia ya kuzidisha matriksi kwa yenyewe kama #10, hiyo namba inapigwa kipeo cha pili. `lstsq` haipiti huko, ndiyo maana inavumilia zaidi.

#13 Mkulima_Muheza

Samahani kuingilia. Mimi nina jambo kama hili la mbolea kwenye mahindi. Nilijaribu viwango vitatu, bila mbolea, mfuko mmoja na mifuko miwili kwa eka, vitalu vinne kila kiwango. Nikachora parabola, ikapita katikati ya kila kundi barabara kabisa. Afisa mmoja akaniambia modeli yangu ni nzuri ajabu. Hii ya kuweka katikati itanisaidia kujua kiwango bora?

#14 Bi_Takwimu

Mkulima, kuweka katikati kutakusaidia hesabu isiyumbe, lakini hakuongezi habari. Parabola ina namba tatu na wewe una viwango vitatu, kwa hiyo ni lazima ipite kwenye wastani wa kila kiwango. Ingepita hata kama mahindi yanafuata umbo lingine kabisa. Vitalu vyako vinne vinakuonyesha vitalu vinatofautiana kiasi gani vikiwa na mbolea sawa, na hilo ni la thamani, lakini havikuonyeshi kama umbo ni parabola. Ongeza kiwango cha nne, nusu mfuko au mfuko na nusu, ndipo parabola itakuwa na nafasi ya kukosea mbele ya macho yako. Na ungekuwa na viwango viwili tu, matriksi isingefumbuka kabisa, hata kwa vitalu mia.

#15 Mkulima_Muheza

Nimeelewa. Msimu wa vuli naongeza nusu mfuko.

#16 Fundi_Boti_Raskazone

Mimi swali langu ni fupi. Kwa nini vipimo saba? Parabola inahitaji nukta tatu. Chukua tatu za juu, 334, 340, 341, upate jibu bila miraba yoyote. Tena hizo ndizo zilizo karibu na kilele, za pembeni zinachafua tu.

#17 Mwana_wa_Sahare

Kwa #16: nimefanya sasa hivi. Nukta tatu zinatoa 340 + 3.5u - 2.5u², kilele u = 0.7, yaani 15:51. Dakika tisa baada ya jibu la nukta saba. Sasa nani wa kuaminiwa?

#18 Mpimaji_Pangani

Saba. Angalia mabaki, yaani kipimo toa mchoro, kwa mpangilio: 0, -1, 2, -1, 1, -2, 1. Vipimo vyako vinatikisika sentimita moja au mbili, bila shaka ni viwimbi vya kwenye mti. Karibu na kilele maji yenyewe katika nusu saa yanasogea sentimita chache tu, kwa hiyo mtikisiko wa sentimita 2 unahamisha kilele sana. Kwenye pembeni maji yanakimbia zaidi ya sentimita 20 kwa nusu saa, na hapo sentimita 2 si kitu. Za pembeni ndizo zinazoshikilia kilele mahali pake, moja inavuta kulia, nyingine kushoto.

Tukipiga mabaki vipeo na kujumlisha tunapata 12. Vipimo saba toa namba tatu ni nne, 12 kwa 4 ni 3, kipeuo chake ni 1.7. Kila kipimo kina kosa la kama sentimita 1.7. Nikalipeleka hilo hadi kwenye kilele: kosa lake la kawaida ni kama dakika moja. Kwa kuwa vipimo ni vichache, ukitaka uhakika wa 95 kwa 100 inafika dakika 3 kila upande. Kwa hiyo 15:39 hadi 15:45.

#19 Kijana_wa_Chumbageni

Huyo Gauss aliyegundua haya mambo alikuwa na kichwa kweli.

#20 Mwl_Mstaafu

Rekebisho dogo. Wa kwanza kuichapisha ni Legendre, mwaka 1805, akishughulikia njia za nyota zenye mkia. Gauss alichapisha yake mwaka 1809, akadai alikuwa akiitumia tangu 1795, na Legendre hakulipenda hilo hata kidogo. Ugomvi huo haukupata mshindi.

Lakini nilichokuja kusema ni kingine. Mnasifu hiyo parabola kupita kiasi. Maji ya bahari ni wimbi, hayajui kipeo cha pili. Bamvua inarudi kujaa baada ya takriban saa 12 na dakika 25. Chukueni parabola yenu mwende mbele saa sita na kidogo, wakati maji yamekupwa: 20 mara 6.2 mara 6.2, inasema maji yameshuka karibu mita 7.7 chini ya kilele. Hapa kwetu bamvua haifiki hata mita tano. Safuwima sahihi ni tatu: ya moja tupu, ya kosaini ya 0.506t na ya saini ya 0.506t. Namba tatu zilezile, njia ileile ya miraba midogo, ila umbo ni la bahari.

#21 Bi_Takwimu

Mwalimu, hilo la safuwima ni kweli na ni zuri, ndiyo maana nilitaja kosaini kule #5. Lakini hakuna aliyetaka kujua maji kupwa. Karibu na kilele kosaini na parabola ni karibu kitu kimoja. Tena parabola yenyewe inakiri wimbi: mkunjo 20 ni nusu ya kimo cha wimbi mara 0.506 kipeo cha pili. Ukigeuza, 40 kugawanya kwa 0.256, kimo ni sentimita 156. Kujaa hadi kupwa ni mara mbili yake, kama mita 3.1. Mzee wa Kigombe atuambie kama hiyo ni bamvua anayoijua.

#22 Mzee_wa_Kigombe

Mita tatu na kitu, ndiyo. Hapo mmesema kweli, na hakuna aliyewaambia.

#23 Mwl_Mstaafu

Inafanana, sikatai. Ila saa moja na nusu kutoka katikati si karibu sana. Huko ncha za kosaini zimeshaanza kunyooka, ziko juu ya parabola inayogusa kilele kwa sentimita mbili, tatu hivi. Miraba midogo italigawa hilo kwa kulegeza mkunjo kidogo, kwa hiyo kimo halisi ni zaidi ya 156. Na vipimo vyenu havikukaa sawa pande mbili za kilele, kulia kuna muda mfupi kuliko kushoto. Hapo kilele nacho kinaweza kusogezwa.

#24 Mpimaji_Pangani

Kinasogezwa, ila kwa kiasi gani? Mabaki hayaonyeshi ncha kuinuka: kushoto ni 0, kulia ni 1. Kwa mtikisiko wa sentimita 1.7 siwezi kutofautisha kosaini na parabola kwa nukta hizi saba. Kwa kushua mashua, mimi nabaki na 15:42.

#25 Mwl_Mstaafu

Kutoliona si sawa na kutokuwepo.

#26 Fundi_Boti_Raskazone

Naomba niulize la mtu wa mikono. Huo mti mliuchimbia wima? Matope ya Sahare nayajua. Ukiinama hesabu yote si imeharibika?

#27 Bi_Takwimu

Ukiinama tangu mwanzo na ukabaki hivyo, saa ya kilele haiharibiki. Kila kimo kinazidishwa kwa namba ileile, a, b na c zinakua pamoja, na b ukiigawa kwa c inabaki vilevile. Sifuri ya mti nayo ikiwa mahali pabaya inagusa a tu. Saa ya simu ikiwa mbele dakika tano, hapo kilele kinakwenda mbele dakika tano moja kwa moja.

#28 Fundi_Boti_Raskazone

Na ukizama polepole? Mti mpya kwenye matope, maji yanaupiga, unakwenda chini taratibu.

#29 Bi_Takwimu

Hilo ndilo swali bora kwenye uzi huu. Mti ukizama, maji yanaonekana yamepanda zaidi ya ukweli, na kosa linakua kadiri saa zinavyokwenda. Kosa linalokua sawasawa na saa ni safuwima ya pili yenyewe. Miraba midogo itaimeza yote ndani ya b, na mabaki yatakuwa masafi kama kawaida. Ile ±3 ya #18 haitaliona.

Chukua mti unaozama sentimita 2 kwa saa. Kwa hesabu ya saa nzima b, iliyokuwa 8 kutoka katikati, inakuwa 10. Kilele kinatoka 8 kwa 40, yaani dakika 12, kwenda 10 kwa 40, yaani dakika 15. Dakika tatu za uongo, na hakuna takwimu ndani ya vipimo hivyo itakayokuonyesha.

#30 Mpimaji_Pangani

Kwa hiyo kama ulizama, ukweli ni mapema ya 15:42. Siyo baadaye.

#31 Mwana_wa_Sahare

Tulipouchomoa ulikuwa umeshika kweli, lakini siwezi kuapa kwamba haukuzama. Bamvua ijayo nachora alama nyingine kwenye ukuta wa mawe wa jirani, na kabla na baada ya vipimo tunalinganisha mti na ukuta kwa pima maji. Na badala ya nusu saa tutasoma kila dakika kumi.

#32 Mwl_Mstaafu

Ukisoma kila dakika kumi, viwimbi vya kipimo kimoja vinaweza kuendelea hadi kingine, na upepo wa kusi ukisukuma maji ukingoni utayasukuma kwenye vipimo vingi mfululizo. Vipimo 19 havitakuwa na habari za vipimo 19. Bora kila kipimo usome juu na chini ya wimbi mara kadhaa, uchukue katikati.

#33 Mpimaji_Pangani

Sikubaliani. Vingi vilivyoshikana kidogo bado vinashinda vichache, mradi usidanganyike na hesabu ya kosa. Na usomaji wa dakika kumi utamwonyesha kama upepo unasukuma. Kwa nusu saa hataona.

#34 Mzee_wa_Kigombe

Muwe na kamba tayari saa tisa na nusu. Maji yakisimama, povu na takataka ukingoni hazendi mbele wala nyuma. Hapo ndipo nami nitawaambia saa yangu, tulinganishe.

#35 Mwana_wa_Sahare

Karibu sana mzee, njoo kabisa. Nitaleta vipimo hapa hapa, pamoja na alama za ukuta.